Uwepo wa Mhusika Mkimya katika Nathari ya Kiswahili: Ishara za Mwili, Vitu na Kauli za Wahusika Wengine

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mhusika asiyesema, au asemaye maneno machache mno, anavyoweza kupewa uwepo kamili katika nathari ya Kiswahili. Njia tatu zinachunguzwa: ishara za mwili, vitu vinavyofungamana na mhusika, na kauli za wahusika wengine kumhusu. Hoja kuu ni kwamba njia hizi hazimjengi mhusika kwa kukubaliana, bali kwa kutofautiana. Pale ambapo ishara, kitu na kauli vyote vinasema jambo moja, mhusika hugeuka kuwa pambo. Pale ambapo vinapishana, msomaji hulazimika kumtafuta mtu aliye katikati yake. Hoja hii inajengwa kwa kusoma tukio moja katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kisha kwa kulinganisha rasimu mbili za kisa kifupi kilichobuniwa kwa ajili ya makala haya, ambacho mandhari yake ni Mtumba, Dodoma.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuorodhesha njia za usawiri wa wahusika: maelezo ya msimulizi, majina, mwonekano, matendo, mazungumzo na maoni ya wahusika wengine. Katika orodha hiyo mazungumzo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mhusika anapofungua kinywa, msomaji hupata kwa pamoja lahaja yake, umri wake, elimu yake, hasira yake na uongo wake. Kinywa hicho kikifungwa, mwandishi hupoteza chombo chenye kazi nyingi, na kazi hizo sharti zigawiwe vyombo vingine.

Tatizo hili ni la nathari zaidi kuliko la tamthilia. Jukwaani, mhusika asiyesema bado ana mwili. Mwigizaji yupo mbele ya hadhira, anapumua, na hata akisahauliwa na wenzake, hadhira inaendelea kumwona pembeni. Katika riwaya na hadithi fupi hakuna mwili wa namna hiyo. Mhusika asiyetajwa katika aya tatu zinazofuatana ametoweka, hata kama kwa mujibu wa kisa bado ameketi palepale. Kwa hiyo uwepo wa mhusika mkimya katika nathari ni jambo linalopaswa kufanywa upya kila mara, tena bila msaada wa sauti yake.

Katika rasimu nyingi suluhisho la haraka huwa ni kumwachia msimulizi aseme kwa niaba ya mhusika: alikuwa na huzuni, alikumbuka, aliumia moyoni. Suluhisho hili linaondoa tatizo kwa kumwondoa mhusika mwenyewe. Ukimya ambao msimulizi ameufasiri wote hauna tena kilichobaki kwa msomaji kufasiri. Swali linaloongoza makala haya, basi, ni hili: ishara, vitu na kauli za wengine vipangwe vipi ili mhusika asiyesema abaki kuwa mtu mwenye nafsi yake, badala ya kuwa picha ya wazo la mwandishi?

2.0 Manyani wa Adili

Mfano wa kale na wenye mafunzo mengi upo katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1952. Kisa chake kina asili katika hadithi ya Alfu Lela u Lela inayomhusu Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert amekihamishia kisa hicho katika ulimwengu wake mwenyewe: mfalme ni Rai, liwali ni Adili, na mbwa wamekuwa manyani.

Kinachohusu makala haya ni utaratibu wa kuwaleta manyani hao mbele ya msomaji. Ikibali, mjumbe wa mfalme, amefika Janibu na kulala nyumbani kwa Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake akiondoka na kwenda mahali walipofungwa manyani wawili kwa minyororo. Adili anawapiga kwa mjeledi. Baada ya kuwapiga anawakumbatia, anawafuta machozi na kuwalisha kwa upole. Ikibali hana maelezo ya jambo hili, na msomaji pia hana. Habari inafika kwa mfalme kabla ya maana yake kufika kwa yeyote.

Katika hatua hii manyani hawana jina, hawana historia na hawana lugha. Hata hivyo wana uwepo mkubwa kuliko wahusika wengi wasemao katika kitabu hicho. Sababu yake inaonekana mtu akitenganisha vipengele vya tukio. Mnyororo unasema kwamba ni wafungwa, au wanyama wa hatari. Mjeledi unasema kwamba wanaadhibiwa. Machozi yanasema kwamba wanaelewa, maana mnyama hulia kwa sauti akipigwa, lakini halii machozi ya kufutwa. Chakula na kukumbatiwa vinasema kwamba anayewapiga anawapenda. Hakuna hata jozi moja ya vipengele hivi inayokaa pamoja bila msuguano. Msomaji anauliza hawa ni nani, na swali hilo ndilo uwepo wao.

Uchaguzi wa manyani badala ya mbwa nao unaongeza uwezo wa ishara. Nyani ana mikono na uso unaokaribia wa binadamu. Mtu anaweza kumkumbatia kama anavyomkumbatia mtu mwenzake. Kwa msomaji wa pwani aliyelelewa katika mazoea ya Kiislamu, mbwa angeleta pia swali la najisi, nalo lingevuta macho kutoka katika huzuni ya tendo hadi katika hukumu ya kumgusa. Nyani anaacha tendo lenyewe lionekane.

Hali inabadilika pale Adili anapoitwa mbele ya Rai na kusimulia kisa chake. Sasa msomaji anajua kwamba manyani ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa sababu ya wivu, na kwamba jini Huria ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe kila usiku. Simulizi ni ndefu na ina mvuto wake, lakini kwa upande wa manyani kuna kitu kinachopungua. Majina yao yenyewe ni hukumu: mmoja ni husuda, mwingine ni wivu. Msemaji pekee ni yule waliyemdhulumu, ambaye pia ndiye mwenye mjeledi. Kila alisemalo linakubaliana na mnyororo, na mnyororo unakubaliana na majina. Msuguano wa usiku ule umekwisha, na manyani wamekuwa mfano wa tabia mbaya.

Hili si kosa la kitabu. Adili na Nduguze ni kazi ya maadili, na maadili yake yanataka husuda itambulike kwa jina lake. Lakini kwa mtafiti wa usawiri, kitabu kinatoa jaribio lililokamilika: wahusika walewale, wasiosema katika sehemu zote mbili, wana uzito tofauti kulingana na kama ishara, vitu na kauli vinapishana au vinafuatana. Sehemu inayofuata inaipeleka kanuni hii katika hali ya kawaida zaidi, isiyo na jini wala uchawi.

3.0 Kisa cha Mtumba: rasimu mbili

Mtumba ni eneo la mashariki ya jiji la Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro, ambako Mji wa Serikali umejengwa. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifanywa mwaka 1973, na utekelezaji wake ulipata msukumo mpya kuanzia mwaka 2016. Ofisi za wizara zilipoanza kufanya kazi Mtumba mwaka 2019, mashamba ya uwele na mtama yaliyokuwa kando yake yalikuwa yakipimwa viwanja. Mandhari haya yanafaa kwa jaribio hili kwa sababu yanamshawishi mwandishi kufanya kosa linalojadiliwa: mzee aliyeketi kimya mbele ya majengo mapya ni picha ambayo kila mtu anadhani anajua maana yake.

Mhusika wa kubuni anaitwa Mzee Chibago. Ana mwana aitwaye Yohana, na mke wa mwana huyo anaitwa Mama Joshua. Kitu chake ni kigoda cha miguu mitatu. Rasimu ya kwanza ni hii:

Mzee Chibago aliketi juu ya kigoda chake nje ya tembe, kimya, akiitazama ardhi ya mababu zake. Alikuwa na huzuni kubwa moyoni. Kigoda kile alikirithi kwa babu yake, nacho kilikuwa kumbukumbu ya maisha yaliyokuwa yakitoweka. "Baba ana huzuni sana tangu wapimaji waje," alisema Mama Joshua. "Ni kweli," alijibu Yohana. "Ardhi hii ndiyo maisha yake."

Aya hii haina kosa la sarufi, na kila sentensi peke yake inakubalika. Lakini ujumbe mmoja umetolewa mara tano: kwa ishara ya kutazama, kwa neno la msimulizi, kwa kigoda, kwa kauli ya mke wa mwana na kwa kauli ya mwana. Baada ya mara ya pili msomaji hana kazi. Zaidi ya hayo, ishara ya kutazama haibadilishi chochote duniani. Mzee akiondolewa katika aya na badala yake ikawekwa picha yake ukutani, mazungumzo ya Yohana na mkewe yataendelea vilevile. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mhusika asiye na uwepo.

Rasimu ya pili inabakiza watu walewale na kigoda kilekile:

Asubuhi Mzee Chibago huketi chini ya mjohoro akiipa barabara mgongo. Kigoda hukigeuza mpaka mguu uliofungwa ukanda wa ngozi uingie katika kishimo chake, kisiyumbe. Magari hupita nyuma yake yakienda kwenye wizara, naye hageuki.

"Baba anangoja bei ipande," Yohana alimwambia mwenyekiti wa mtaa. "Wenzake wamekwisha kusaini."

"Si bei," alisema Mama Joshua, akipepeta uwele. "Pale ndipo marehemu mama alipokuwa akikaa."

Mwenyekiti alicheka. "Marehemu alikuwa akikaa jikoni, mama. Huyu ni mbishi tu. Wakati wa Operesheni alipandishwa lori kwa kubebwa, na kigoda chake mkononi. Ule mguu ulivunjikia humo."

"Ulivunjwa na mbuzi," alisema Mama Joshua.

Kijana mpima ardhi alifika saa nne. Alisimika chombo chake juu ya miguu mitatu katikati ya shamba, akainama kukichungulia, akaandika, akainama tena. Hadi saa saba alikuwa hajaketi. Mzee aliinuka. Alikichukua kigoda, akavuka shamba, akakiweka nyuma ya kijana, akakikandamiza kwa viganja mpaka kikatulia.

"Kaa," alisema.

Kisha alirudi mjohoroni, akaketi chini, safari hii akiielekea barabara.

"Umeona?" alisema Yohana. "Amekubali."

Mama Joshua hakujibu. Alikuwa akimtazama kijana, ambaye alikuwa bado amesimama.

3.1 Kazi ya kauli za wengine

Katika rasimu ya pili kuna maelezo matatu ya ukimya wa mzee: tamaa ya bei, maombolezo, na ubishi. Hakuna msimulizi anayeamua kati yake. Kila kauli inamweleza msemaji wake kabla ya kumweleza mzee. Yohana anaona fedha kwa sababu yeye mwenyewe anazihesabu. Mwenyekiti anaona ubishi kwa sababu kazi yake ni kuwapata watu wakubali. Mama Joshua anasema kwa uhakika zaidi kuliko wote, lakini hata yeye anapingwa kwa jambo ambalo msomaji hawezi kulithibitisha: marehemu alikuwa akikaa wapi?

Mguu wa kigoda nao una historia mbili. Mwenyekiti anaufungamanisha na Operesheni Dodoma, kampeni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mama Joshua anaufungamanisha na mbuzi. Historia ya kwanza inamfanya mzee kuwa mtu aliyekwisha kuhamishwa mara moja. Ya pili inamfanya kuwa mzee wa kawaida mwenye zizi. Mwandishi angeweza kuchagua moja na kupata alama iliyo wazi. Kwa kutochagua, kigoda kinabaki kuwa kitu kinachojulikana na mwenyewe peke yake, na hapo ndipo faragha ya mhusika mkimya inapokaa.

3.2 Kazi ya ishara

Ishara kuu ni kukitoa kigoda. Inapingana na kauli zote tatu bila kuikanusha hata moja kikamilifu. Anayengoja bei hana sababu ya kumpa mpimaji nafasi ya kupumzika. Mbishi hana sababu ya kumsaidia. Anayeomboleza hangeondoa kigoda mahali alipokuwa akikaa mkewe. Wakati huohuo, Yohana naye ana haki ya kusema kwamba baba amekubali. Tendo linaweza kusomwa hivyo. Ishara nzuri ya mhusika mkimya ina sifa hizi mbili: inabadilisha jambo fulani linaloonekana, na haiwezi kufupishwa kuwa sentensi moja ya maana.

Uzito wa tendo hilo unategemea desturi ambayo msomaji anaijua bila kuambiwa. Kwa kawaida kijana ndiye humpisha mzee kiti. Mzee anapokitoa kigoda chake kwa kijana na yeye kuketi chini, anavunja utaratibu unaomlinda yeye mwenyewe, na kijana anatiwa katika mtihani. Akiketi, ameketi juu ya kigoda cha mzee ambaye yuko chini. Asipoketi, ameikataa hisani. Kwa kusimama kwake, kijana anakuwa mtu wa kwanza katika kisa kumjibu mzee kwa lugha yake, yaani kwa mwili.

3.3 Neno moja

Mhusika mkimya si lazima awe bubu, na neno moja lililowekwa mahali pake linaweza kuufanya ukimya uliobaki usikike. Hapa Kiswahili kinampa mwandishi msaada. Kitenzi kaa kina maana ya kuketi na pia maana ya kuishi mahali. Katika kisa cha ardhi, neno hilo likisemwa na mwenye shamba kwa mpima viwanja, linabeba ukaribisho, shutuma na utabiri kwa pamoja. Mama Joshua amekwisha kulitumia neno hilohilo juu ya marehemu, na mwenyekiti amemrudishia kwa kejeli. Msomaji analipokea mara ya tatu likiwa na uzito uliolimbikizwa. Msimulizi hakulieleza, wala hakusema limesemwa kwa sauti gani.

4.0 Sarufi ya uwepo

Kuna jambo la kisarufi ambalo wachambuzi wa usawiri hulipita, ingawa linamgusa mhusika mkimya kuliko mwingine yeyote. Kiambishi nafsi a- humwakilisha mtu yeyote wa nafsi ya tatu umoja, mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Mhusika msemaji hutambulishwa tena na tena na vitenzi vya usemi vinavyoandamana na jina lake. Mkimya hana nafasi hizo. Wahusika wawili wakitenda katika aya moja, a- yake huchanganyika na a- ya mwenzake, naye hupotea ndani ya sarufi.

Kitu humwokoa. Katika sentensi ya kuvuka shamba, mzee na kijana wote ni a-, lakini mlolongo alikichukua, akakiweka, akakikandamiza unashikiliwa na ki- ya kigoda. Msomaji anaifuata ki- na kwa kupitia hiyo anamjua mtendaji, bila mwandishi kurudia jina. Hapo kitu kimefanya kazi ya jina. Ndiyo sababu inafaa kuchagua kitu ambacho ngeli yake haishirikiwi na vitu vingine muhimu katika tukio. Katika rasimu ya pili chombo cha mpimaji nacho ni cha ngeli ya ki-, kwa hiyo ilibidi matendo ya chombo yamalizike katika sentensi yake kabla mzee hajainuka, na jina kigoda lirudiwe mara moja mwanzoni mwa mlolongo mpya. Kama sentensi hizo zingechanganywa, msomaji angeweza kudhani mzee amekichukua chombo cha upimaji, na kisa kingekuwa kingine kabisa.

Msaada wa pili ni kiambishi hu- cha mazoea. Aya ya kwanza ya rasimu ya pili inatumia huketi, hukigeuza, hupita na kikanusho hageuki. Viambishi hivi vinamjengea mzee tabia bila tukio lolote. Baadaye -li- na -ka- zinapoingia, alikichukua, akavuka, kila tendo linapimwa dhidi ya mazoea yale. Kuielekea barabara si ishara yenye maana yenyewe. Inapata maana kwa sababu msomaji anajua kwamba kila asubuhi huipa mgongo. Mhusika mkimya anahitaji mazoea mapema katika kisa, kwani uvunjaji wa mazoea ndio usemi wake mkubwa.

5.0 Kasoro, vipimo na mipaka

Kasoro ya kawaida kuliko zote ni ishara za macho. Mhusika anatazama mbali, anatazama chini, machozi yanamlengalenga. Macho hayabadilishi kitu katika mandhari, na hutegemea msimulizi kueleza kilichotazamwa kina maana gani. Mwandishi anaweza kuitambua kasoro hii kwa kufuta ishara na kuangalia kama kuna mhusika mwingine aliyelazimika kutenda tofauti kwa sababu yake. Katika kisa cha Mtumba, ukifuta tendo la kukitoa kigoda, kijana hana sababu ya kubaki amesimama kwa namna ile, na Yohana hana la kusema.

Kasoro ya pili ni kitu kinachobaki katika hali moja. Kigoda cha rasimu ya kwanza kinatajwa ili kielezwe. Kile cha pili kinapitia hali tatu: kimekaa mahali pake, kimebishaniwa, kimehama. Hali tatu zinatosha kisa kifupi. Kitu kikitajwa mara kumi bila kubadilika, msomaji hukisoma kama alama iliyobandikwa, na mwenye kitu hugeuka kuwa mshika alama.

Kasoro ya tatu ni kiitikio, yaani wasemaji wote kumhusu mkimya kwa mtazamo mmoja. Kipimo chake ni kubadilishana wasemaji. Kauli ya Yohana ikiwekwa kinywani mwa Mama Joshua bila kuharibika, basi kauli hiyo haikuwa ya Yohana. Ilikuwa ya mwandishi. Kipimo hiki kinafichua pia namna wasemaji wanavyomwita mhusika. Yohana husema baba, mwenyekiti husema huyu. Kila jina la kumwitia ni umbali kati ya msemaji na asemwaye, na majina hayo hayapaswi kufanana.

Njia hii ina mipaka yake. Haifai pale ambapo kisa kinahitaji msomaji ajue kwa hakika nia ya mhusika, kama katika mwisho wa riwaya ya upelelezi, kwa kuwa inategemea nia hiyo kubaki wazi. Katika usimulizi wa nafsi ya kwanza kauli zote za wengine hupita katika masikio ya mtu mmoja, na mpishano wake hupungua. Huko ishara na kitu hulazimika kubeba zaidi. Katika riwaya ndefu nayo ishara moja haiwezi kudumu kurasa mia mbili, hivyo mazoea mapya yanahitaji kujengwa na kuvunjwa kila sehemu.

Mpaka mzito zaidi unahusu sababu ya ukimya. Katika maandishi yetu wanaonyamazishwa mara nyingi ni watumishi, wake, wazee wasiosoma na watoto, na ukimya wao una chanzo katika madaraka ya wengine. Mwandishi akiufanya ukimya huo kuwa hekima tulivu, anawasaidia walionyamazisha. Manyani wa Adili hawakunyamaza kwa hekima. Walinyang'anywa lugha, na kisa kizima kikasimuliwa na mwenye mjeledi. Mtafiti anayesoma mhusika mkimya anapaswa kuuliza mapema nani katika kisa ananufaika na kutosema kwake, kisha kuangalia kama ishara na vitu vinampa mhusika njia yoyote ya kumpinga huyo anayenufaika. Mzee Chibago anayo njia hiyo: kigoda kiko mbele ya mpimaji, na mpimaji hawezi kuendelea na kazi kana kwamba hakijawekwa.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi wa manyani wa Adili na wa rasimu mbili za Mtumba unaelekeza kwamba wingi wa ishara, vitu na kauli haumpi mhusika mkimya uwepo. Rasimu ya kwanza ina njia zote tatu, na mhusika wake hayupo. Uwepo unatokana na nafasi iliyoachwa kati ya njia hizo: kauli zinazomweleza msemaji kuliko asemwaye, kitu ambacho historia yake haikufungwa, na ishara inayobadilisha mandhari bila kukubali tafsiri moja. Katika Kiswahili nafasi hiyo inashikiliwa pia na sarufi, kwa ngeli ya kitu inayomtambulisha mtendaji asiyetajwa na kwa hu- ya mazoea inayotayarisha uvunjaji wake. Tafiti zijazo zinaweza kukipeleka kipimo cha kubadilishana wasemaji katika riwaya ambamo watumishi na wake huzungumziwa zaidi kuliko wanavyozungumza, ili ionekane ni wangapi kati yao waliobakiziwa nafasi hiyo, na ni wangapi waliosemewa mpaka wakaisha.